Kaulimbiu Iliyopandisha Bei ya Chupa Mlangoni: Kisa cha Ushirika wa Wakusanya Chupa, Malindi

Kisa hiki ni cha ushirika mdogo wa Malindi unaokusanya chupa za plastiki. Jina la ushirika, mitaa na watu waliohusika nimeyaondoa. Mimi niliitwa kwa sababu nafundisha Kiswahili na huandika maneno ya mabango ya watu, na nimeeleza pia pale nilipokosea mwenyewe.

Usuli

Ushirika ulikuwa na wanachama 31, wengi wao akina mama. Zamani kila mmoja alikuwa akiokota kivyake: wengine jaani, wengine ufukweni, wengine nyuma ya mahoteli. Walijiunga ili wapate mizani yao wenyewe, kwa kuwa dalali aliyekuwa akinunua mtaani alikuwa na mizani yake na hakuna aliyejua inasema nini. Walikodi uwanja mdogo wenye paa la mabati, wakanunua mizani ya kuning'iniza, wakapata mnunuzi wa Mombasa aliyekuwa tayari kutuma lori mradi mzigo utoshe.

Inafaa kueleza kazi yenyewe, maana kaulimbiu yote ilikuja kusimama juu yake. Chupa ya maji ya nusu lita ikiwa tupu ina uzito wa gramu 20 hivi, au pungufu. Kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 au zaidi. Chupa ikifika uwanjani humwagwa kilichobaki, hutolewa kifuniko, hubanduliwa karatasi, hukanyagwa, kisha hupangwa kwa rangi: nyeupe peke yake, buluu peke yake, kijani peke yake. Kifuniko hutolewa kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine; ukitia vyote majini, kifuniko huelea na chupa huzama, na kila kimoja kina njia yake ya kuyeyushwa. Chupa iliyotiwa mafuta ya kupikia mnunuzi huyu aliikataa. Chupa iliyokaa ufukweni miezi mingi, ikachomwa na jua mpaka ikawa inavunjika mkononi, na hiyo aliikataa, au akaichukua kwa bei ya kutupa. Na chupa isiyokanyagwa ni hasara ya lori, kwa kuwa kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120 na hakuna anayetaka kulipa dizeli ya kusafirisha hewa.

Wakati huo mnunuzi alikuwa akitoa shilingi 18 kwa kilo ya chupa nyeupe iliyosafishwa. Gawanya kwa 50: chupa moja ni senti 36. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo.

Chupa bora kabisa zilikuwa za majumbani, kwa sababu hazina mchanga, hazijapigwa na jua na mara nyingi bado ni safi. Ndiyo maana ushirika uliamua kupita nyumba kwa nyumba na mkokoteni badala ya kutegemea jaa. Ubavuni mwa mkokoteni, kwa rangi ya kijani, waliandika maneno ambayo msomaji ameyaona mahali pengi: TAKA NI MALI.

Yaliyotokea

Mwanzoni watu walitoa chupa bure, tena kwa furaha. Baada ya wiki kadhaa mambo yakabadilika. Mama mmoja wa ushirika alibisha hodi katika nyumba aliyoizoea, mwenye nyumba akatoka na gunia, akalishika. Akasema, "Nyinyi wenyewe mumeandika kuwa ni mali. Mali haitolewi bure. Nipe shilingi mbili kila chupa."

Shilingi mbili kwa chupa ni shilingi 100 kwa kilo, na wao walikuwa wakiuza kwa 18. Yule mama alijaribu kueleza, lakini maneno ya mkokoteni wake yalikuwa yakimpinga mgongoni. Habari ikaenea, na nyumba nyingine zikaanza kudai. Katibu alipoambiwa aandike, alipita njia moja yenye nyumba 40 na kuhesabu: nyumba 17 zilitaka pesa, na baadhi zilikuwa zimeweka magunia ndani zikingoja bei ipande. Wanachama waliporudi na mkokoteni nusu tupu walidhani watu wamekuwa wachoyo. Mimi sikuona uchoyo. Watu walisoma maneno wakayaelewa sawasawa. Sentensi "taka ni mali" inasema thamani imo ndani ya chupa yenyewe, na chupa iko mkononi mwa mwenye nyumba, kwa hiyo mwenye mali ni yeye. Katika sentensi ile nzima anayeisafisha na kuikanyaga hayumo.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo liliwauma zaidi ya pesa. Watoto mtaani waliwaita machokora. Neno lenyewe linatokana na kuchokora, kuchimbachimba kwa kijiti, na pwani nzima linajulikana kuwa ni la kumdharau mtu. Hata neno la upole, waokotaji, halikuwasaidia sana. Kitu kinachookotwa ni kitu kilichoanguka, kisicho na mwenyewe; anayeokota kabahatika, hakufanya kazi. Katika kikao cha kwanza nilichohudhuria, mwanachama mmoja mzee, nitamwita Bi Mkubwa kama walivyomwita wenzake, aliniambia: "Mwalimu, sisi hatutaki kusifiwa. Twataka mtu akituona ajue tuko kazini."

Hilo likawa ndilo agizo langu.

Maneno yaliyojaribiwa, na kwa nini yaliachwa

Mgeni mmoja aliyewahi kuwasaidia kwa glavu na mabuti alikuwa ameshapendekeza "Mashujaa wa Mazingira", na fulana tano zilikuwa tayari zimechapishwa. Wanachama walizivaa kwa heshima, lakini kikaoni walizikataa, na sababu yao ilikuwa nzito. Shujaa hujitolea. Hakuna anayemuuliza shujaa bei ya kilo wala kumlipa kwa wakati. Mweka hazina alisema kuwa siku alipokwenda hoteli moja kuomba watengewe chupa jikoni, meneja aliisoma fulana, akawapongeza, akawauliza kama wangeweza kufagia na ufukwe pia, bure.

Nikaleta la kwangu. Nilitaka kipande cha mizani nane, kama vipande vya shairi, kwa kuwa sikio la watu wa pwani limezoea kipimo hicho tangu madrasa na harusini. Nikaandika: "Ukimaliza, twaanza." U-ki-ma-li-za, tano; twa-a-nza, tatu; jumla nane. Nililipenda mno. Lilisema kazi inaanzia pale mwenye nyumba anapokoma, na halikutaja mali hata kidogo. Nilipolisoma kikaoni pakawa kimya. Kisha Bi Mkubwa akasema, "Mwanangu, hayo ni maneno ya mla makombo." Alikuwa sahihi. Ondoa picha ya chupa, msikie mtu mwenye njaa akisema ukimaliza ndipo nianze: ni mtu anayesubiri sahani ya mwenzake. Mimi niliyasoma maneno nikiwa upande wa mwandishi. Yeye aliyasoma kama mtu ambaye angesimama nayo mlangoni.

La pili lilikuwa karibu zaidi na shabaha: "Chupa bila sisi, taka." Nalo lina mizani nane, na linahamisha thamani kutoka kwa chupa hadi kwa watu. Kikao kililikubali. Tukampa fundi wa maandishi aandike kwa herufi kubwa, akaandika kwanza kwa chaki ili tuone nafasi. Mafundi wengi hawaweki mkato, na huyu hakuweka. Ubavuni mwa mkokoteni pakasomeka: CHUPA BILA SISI TAKA. Kijana aliyekuwa akipita akasoma kwa sauti, akakata pumzi pale macho yake yalipokatia: "Chupa bila... sisi taka." Wanachama waliisikia. Tuliifuta chaki pale pale.

Nimelirefusha hili kwa sababu ndilo kosa ambalo mtu anayeandikia karatasi hulifanya akihamia kwenye ubao. Kwenye karatasi mkato hufanya kazi. Kwenye mkokoteni, kwenye fulana na kwenye leso maneno hukaa kwa herufi kubwa bila alama, na msomaji hukata sentensi anapotaka yeye. Kaulimbiu inayotegemea mkato ili isiwatukane wenyewe haifai. Njia ya kuijaribu ni rahisi: iandike bila alama yoyote, mpe mtu ambaye hajawahi kuisikia, msikilize anapopumua.

Uamuzi

Maneno tuliyoyachukua hayakutoka kwangu. Nilianza kufuatana na mkokoteni siku za kukusanya ili nisikie wanachama wanavyojibizana na wenye nyumba. Asubuhi moja mama mmoja wa makamo alikuwa akidaiwa pesa, na bila kukasirika akamjibu mwenye nyumba: "Dada, hii chupa ni taka. Kazi ndiyo mali. Njoo uwanjani ukae nasi kutwa, uone chupa ngapi zatimiza kilo." Mwenye nyumba alicheka, akampa gunia.

Jioni niliyaandika maneno hayo na kuyapunguza. Nikayafanya: "Chupa ni taka, kazi ni mali." Tano kwa tano, pande mbili zinazolingana kama mizani ya duka. Bila mkato bado yanasomeka vilevile: CHUPA NI TAKA KAZI NI MALI, huwezi kuyakata vibaya. Lakini sababu kubwa ya kuyachagua ni kwamba yanatumia maneno mawili yaleyale ambayo watu walikuwa wameshayazoea, taka na mali, ila yanayatenganisha. Mtu aliyezoea "taka ni mali" anasikia kwamba kuna kitu kimebadilika, anasimama kufikiri ni kipi. Na jibu la dai la shilingi mbili limo ndani yake.

Uamuzi mwingine ulikuwa wa kuchagua tunazungumza na nani. Baadhi ya wanachama walitaka maneno yamvutie mnunuzi wa Mombasa ili aongeze bei. Tuliwaeleza kuwa mnunuzi hasomi mkokoteni, husoma mizani na usafi wa mzigo. Mahoteli nayo yana watu wawili au watatu wa kuzungumza nao ana kwa ana. Waliobaki ni wenye nyumba, ambao ni wengi, huonwa kwa dakika moja mlangoni, na ndiko hasara ilikokuwa. Kaulimbiu ikawekwa kwa ajili yao peke yao.

Kabla ya kupaka rangi tulijaribu kwa watu 20 barazani na sokoni. Hapa nilikosea tena. Kumi wa kwanza niliwauliza, "Mwaionaje?" Wote wakasema nzuri sana, mashallah. Kwetu mgeni akikuonyesha kazi yake humwambii mbaya, kwa hiyo majibu hayo kumi hayakunifunza kitu. Kumi waliofuata nilibadilisha swali: "Mwenye mkokoteni huu akija kwako na una chupa kumi, utafanya nini?" Saba walisema watampa. Wawili waliuliza atazifanyia nini. Mmoja alisema atauza.

Matokeo

Mikokoteni miwili ilipakwa rangi. Wanachama walikubaliana pia waite kwa sauti wanapoingia mtaani, mmoja akisema nusu ya kwanza na mwenzake akijibu nusu ya pili. Na wakapanga siku moja maalumu kwa kila mtaa, maana zamani walikuwa wakipita ovyo.

Wiki ya kwanza magunia yalijaa, ila yalijaa kioo. Chupa za soda, za dawa ya kikohozi, za siki, na nyingine zimevunjika. Mwanachama mmoja alikatwa kiganja alipokuwa akimwaga gunia. Sikulifikiria hili hata mara moja, nami ndiye mwalimu wa lugha. Chupa kwa Kiswahili ni ya kioo kabla ya kuwa ya plastiki, na mtu mzima wa Malindi ukimwambia chupa bila kuongeza neno ana haki ya kukuletea ya kioo. Kuongeza "za plastiki" kwenye kaulimbiu kungeivunja. Tulichofanya ni kumrudisha fundi achore chupa ya maji iliyominywa kiunoni, kifuniko chake kando, karibu na maneno. Mchoro ukafanya kazi mbili: ulieleza ni chupa gani, na ulionyesha kuwa kifuniko kitolewe. Kioo kilipungua sana ndani ya wiki tatu, ingawa hakikwisha.

Baada ya miezi miwili katibu alipita tena njia ileile ya nyumba 40. Nyumba zilizodai pesa zilikuwa 6. Uzito wa chupa nyeupe kutoka majumbani uliongezeka kiasi kwamba lori liliitwa mapema kuliko mara iliyotangulia.

Hoteli moja haikufurahi. Meneja alisema hataki mkokoteni ulioandikwa TAKA usimame kwenye lango la wageni. Ushirika haukubishana, kwa hoteli hiyo hutumia tuktuk isiyo na maandishi.

Uchambuzi

Niseme kwanza kisichoweza kuthibitishwa. Kaulimbiu mpya, mwito wa sauti na siku maalumu vilianza wiki moja. Mwenye nyumba anayejua kuwa mkokoteni utakuja Jumamosi hana sababu ya kurundika magunia ndani, hata kama hakusoma neno lolote. Kwa hiyo kushuka kutoka 17 hadi 6 siwezi kusema kumetokana na maneno peke yake. Ningekuwa mwangalifu ningeacha mtaa mmoja na siku maalumu bila maandishi mapya, kisha tungelinganisha. Majira nayo yaliingia: tulianza mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na wageni bado wamo mjini, tukahesabu tena baada ya mvua za masika kuanza, mauzo ya maji ya chupa yakiwa yamepungua. Uzito uliongezeka hata hivyo, jambo linalonipa imani, lakini ni imani tu.

Ninachoweza kukisema kwa uhakika zaidi ni kilichobadilika katika mazungumzo ya mlangoni, kwa kuwa nilikuwepo. Zamani mwanachama alikuwa akijitetea dhidi ya mkokoteni wake mwenyewe. Sasa akiulizwa pesa alionyesha kidole kwenye maandishi na kuanza kueleza hesabu ya kilo. Maneno yalimpa mahali pa kuanzia. Nadhani hapo ndipo nguvu yake ilipo: hayakumsifu mfanyakazi, yalimfungulia mlango wa kueleza kazi. Chupa 50, kifuniko, karatasi, kukanyaga, rangi. Mwenye nyumba akishayasikia hayo mara moja, ile senti 36 inaeleweka bila kutajwa.

Kuna hatari moja ambayo bado ipo. "Chupa ni taka" inaweza kumfanya mtu aitupe chupa pamoja na maganda ya ndizi na mabaki ya samaki, na chupa iliyolala usiku mmoja na mchuzi haina tena usafi ule tulioufuata majumbani. Katika nyumba chache hilo limetokea. Mchoro hausemi lolote kuhusu kuitenga. Kwa sasa wanachama hutoa gunia tupu kila wanapochukua lililojaa, na gunia lililoning'inia mlangoni hukumbusha vizuri kuliko sentensi ya pili ambayo ningeiongeza.

Kaulimbiu haikugusa bei ya mnunuzi, wala haikuweza. Miezi mitatu baadaye aliishusha kidogo, na hakuna maneno ya mkokotenini yaliyoweza kumzuia. Mwanachama aliyetarajia hivyo alivunjika moyo, na lawama ni yangu: nilipaswa kulisema wazi kikaoni kabla rangi haijanunuliwa.

Jambo la mwisho ni dogo, nalo limenifunza kuliko yote. Nilipoyapunguza maneno ya yule mama nilitoa "ndiyo" nikaweka "ni", kwa sababu ya kulinganisha tano kwa tano. Lakini wanachama walipoita mtaani hawakuita nilivyoandika. Mmoja alisema, "Chupa ni taka!" na mwenzake akajibu, "Kazi ndiyo mali!" Kila siku, kila mtaa. Mwanzoni niliwasahihisha. Kisha nikasikiliza vizuri. "Kazi ni mali" inasema kazi nayo ni mali, pengine pamoja na vitu vingine. "Kazi ndiyo mali" inasema ni hii, si ile uliyoishika mkononi. Ugomvi wote wa mlangoni ulikuwa juu ya hii au ile, na neno lililouamua ndilo nililolifuta kwa ajili ya mizani.

Rangi ya mikokoteni ilipochakaa, fundi aliitwa tena. Safari hii aliandika kama wanavyoita.